Barua ya kuomba kulipa deni la mzigo kwa awamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye duka la rejareja nchini Tanzania aliyechukua mzigo kwa mali kauli, akashindwa kulipa ndani ya muda, na sasa anataka kumwandikia muuzaji wa jumla. Kwa miaka kadhaa nilikaa upande wa pili wa meza, kwenye dawati la madeni la muuzaji wa jumla mmoja, ambako barua za aina hii zilinifikia karibu kila wiki. Majibu yafuatayo yanatokana na yale niliyoyaona zikifanya, na hasa yale yaliyozifanya nyingine ziwekwe kando. Mfano unaotumika ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, wa duka la vyakula na sabuni lenye msaidizi mmoja.

Tunaongea na mtu wa mauzo kila wiki. Barua ya nini tena?

Mtu wa mauzo anayepita dukani kwako si mwenye uamuzi. Yeye analipwa kwa mzigo aliouza na fedha alizokusanya, kwa hiyo ukimwambia "nitalipa mwisho wa mwezi" ataliandika hilo kama ahadi ya deni lote, hata kama wewe ulimaanisha sehemu yake tu. Mwezi ukiisha, kwenye leja ya ofisini unaonekana umevunja ahadi. Zaidi ya hapo, watu wa mauzo huhamishwa njia mara kwa mara, na yule mpya huja na karatasi ya madeni isiyo na historia yoyote ya mazungumzo yenu.

Barua humfikia meneja wa mikopo au mwenye mali mwenyewe, na humpa kitu cha kuweka kwenye jalada. Mpe pia mtu wa mauzo nakala, na umwambie kabla hujaipeleka, kwani akiisikia kwa bosi wake atahisi umemruka, na huyo ndiye utakayeonana naye kila Jumanne.

Niandike lini?

Wiki ileile unapotambua kwamba tarehe ya malipo itapita, au imepita, na huna fedha za kutosha. Barua inayofika kabla muuzaji hajasimamisha mzigo husomwa kama ya mteja anayetaka kulipa, lakini ikifika baada ya simu kumi zisizopokelewa husomwa kama ya mtu aliyebanwa. Kama tayari umepata notisi ya wakili, jibu limwendee wakili huyo, ndani ya siku zilizotajwa kwenye notisi, na nakala uipeleke kwa muuzaji.

Nitajuaje deni langu kamili? Hesabu yao na yangu hazilingani.

Hapa ndipo barua nyingi huharibikia. Mwenye duka huandika kiasi anachokikumbuka, ofisi inaona kiasi kingine kwenye leja, na wiki tatu zinapita watu wakibishana juu ya tofauti ndogo badala ya kuzungumzia malipo. Kabla ya kuandika neno lolote, omba taarifa ya akaunti yako kutoka kwa muuzaji, kisha uiweke mezani pamoja na ankara zako, hati za kupokelea mzigo zenye saini yako au ya msaidizi wako, stakabadhi, na ujumbe wa malipo ya simu.

Katika mfano wetu kulikuwa na ankara tatu za mwaka 2026: ya tarehe 14 Januari, shilingi 1,450,000, ya tarehe 28 Januari, shilingi 1,280,000, na ya tarehe 11 Februari, shilingi 1,070,000. Jumla ni 3,800,000. Duka lililipa 500,000 tarehe 3 Machi na 250,000 tarehe 24 Machi, kwa hiyo leja ya muuzaji ilionyesha salio la 3,050,000. Daftari la dukani, hata hivyo, lilikuwa na 2,954,000, na tofauti ilikuwa shilingi 96,000.

Tofauti hiyo ilikuwa katoni za biskuti zilizofika zimelowa, zikarudishwa kwenye gari tarehe 18 Februari. Dereva alizipokea na kuandika nyuma ya hati ya kupokelea mzigo, "zimerudi, zimelowa," akatia saini, lakini hakuna aliyeipeleka karatasi hiyo kwa mhasibu, na hati ya marejesho haikutolewa. Ukiwa na karatasi kama hiyo, ambatisha nakala. Usipokuwa nayo, usiufanye mpango mzima usubiri jambo hilo: taja kiasi ambacho nyote mnakubaliana nacho, taja kiasi chenye ubishi peke yake, na useme kwamba malipo yataanza huku hilo likiendelea kutafutwa.

Nipendekeze kulipa kiasi gani?

Kiasi ambacho duka linaweza kukitoa hata katika wiki mbaya. Nimeona barua nyingi zikiahidi kumaliza ndani ya miezi miwili kwa sababu mwandishi aliona aibu kuomba miezi saba, na karibu zote zilikwama kwenye malipo ya pili. Muuzaji aliyekubali miezi saba na akalipwa kila wiki hana sababu ya kukufikiria vibaya. Aliyeahidiwa miwili akadanganywa atatuma gari lake kwa mwingine.

Hesabu yenyewe huanza na mauzo. Andika mauzo ya kila siku kwa wiki nne, bila kuruka siku ya mvua wala siku uliyofunga mapema kwa msiba. Duka letu la mfano liliuza wastani wa shilingi 340,000 kwa siku, kwa siku 26 za mwezi, yaani 8,840,000. Hizo si fedha zako, kwa kuwa sehemu kubwa lazima irudi kununua mzigo. Kilicho chako ni faida, nayo uipime kwa bidhaa zinazotoka haraka, si kwa zile zenye faida nono zinazokaa rafuni. Katoni ya sabuni iliyonunuliwa kwa 24,000 na kuuzwa rejareja kwa 27,600 inaleta 3,600, ambayo ni 13% ya mauzo. Wengi hugawanya kwa bei ya kununulia, wanapata 15%, kisha wanaizidisha kwa mauzo. Kosa hilo dogo, kwenye mauzo ya 8,840,000, linakuonyesha shilingi 176,800 kwa mwezi ambazo hazipo.

Kwa 13%, faida ya mwezi ni 1,149,200. Ondoa pango 150,000, msaidizi 160,000, umeme na mifuko 70,000, usafiri wa mzigo 80,000, na matumizi ya nyumbani 220,000. Hayo ya mwisho usiyafiche, kwani utakula tu, na usipoyaandika yatatoka kwenye droo kimyakimya. Kinabaki 469,200. Mwenye duka wetu alikuwa pia akirejesha mkopo wa kikoba, shilingi 30,000 kila wiki, uliobakiza wiki kumi. Ndiyo maana mpango wake una ngazi mbili: 60,000 kwa wiki katika wiki hizo kumi, kisha 90,000 kwa wiki pale marejesho ya kikoba yanapokwisha. Katika ngazi zote mbili fedha inayotoka kwa wiki ni ileile 90,000, sawa na 390,000 kwa mwezi, na inabaki akiba ya takriban 79,000 ya kukabili friji ikiharibika au mtoto akiugua.

Muuzaji akiona ngazi zenye sababu kama hii, anaamini namba. Kiasi kinachopanda bila maelezo humfanya ahisi kwamba unausogeza mzigo mbele tu.

Kwa nini kila wiki na si kila mwezi?

Fedha ya duka la rejareja haikai. Ukiahidi 390,000 tarehe 30, maana yake ni kuilinda droo kwa siku thelathini dhidi ya kila anayebisha hodi. Chagua siku ambayo mtu wa mauzo hupita, ili stakabadhi itolewe papo hapo. Kwa mwenye saluni inayojaa mwisho wa mwezi au anayeuzia watumishi wa serikali wanaolipwa mshahara, mwezi unaweza kufaa zaidi, lakini kwa duka la mtaani wiki ni salama.

Barua yenyewe iandikwe vipi?

Iwe ukurasa mmoja, pamoja na jedwali la ankara kama kiambatisho. Huu ndio mfano wetu, katika mtindo uliozoeleka wa barua za kiofisi:

> [Jina la duka, anwani na namba ya simu]
> 22 Aprili 2026
>
> Meneja wa Mikopo,
> [Jina na anwani ya muuzaji wa jumla]
>
> Ndugu Meneja,
>
> YAH: PENDEKEZO LA KULIPA DENI LA BIDHAA KWA AWAMU
>
> Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu, pamoja na ankara zenu za tarehe 14 Januari, 28 Januari na 11 Februari 2026.
>
> Nakiri kwamba duka langu linadaiwa na ofisi yenu shilingi 2,954,000 kwa bidhaa nilizozipokea, na kwamba muda wa kulipa umepita. Taarifa yenu ya akaunti inaonyesha shilingi 3,050,000. Tofauti ya shilingi 96,000 inatokana na katoni za biskuti zilizorudishwa tarehe 18 Februari, na nakala ya hati iliyosainiwa na dereva wenu nimeiambatisha. Naomba suala hilo lihakikiwe bila kuchelewesha malipo ninayoyapendekeza hapa.
>
> Nilishindwa kulipa kwa wakati kwa sababu niliwakopesha mafundi wa jengo la jirani bidhaa za shilingi 1,180,000, na ujenzi ukasimama kabla hawajalipwa. Tangu mwezi Machi nimeacha kukopesha.
>
> Napendekeza kulipa kama ifuatavyo: kwanza, shilingi 554,000 ifikapo Alhamisi, tarehe 30 Aprili 2026, pili, shilingi 60,000 kila Jumanne kwa wiki kumi kuanzia tarehe 5 Mei, tatu, shilingi 90,000 kila Jumanne kwa wiki ishirini, kuanzia tarehe 14 Julai hadi tarehe 24 Novemba 2026, ambapo deni litakuwa limekwisha. Kwa kuwa Jumanne ya tarehe 7 Julai ni sikukuu ya Saba Saba, malipo ya wiki hiyo nitayafanya Jumatatu, tarehe 6.
>
> Katika kipindi chote hicho nitaendelea kununua kwenu kwa fedha taslimu, na sitaomba mali kauli mpya hadi deni hili liishe. Naomba kwamba, maadamu awamu zinalipwa kwa tarehe hizo, deni lisiongezewe gharama nyingine na mzigo wa taslimu usizuiwe.
>
> Naomba jibu lenu la maandishi kabla ya tarehe 29 Aprili. Mkiona ni vyema tuonane, nipo tayari kufika ofisini siku mtakayoipanga.
>
> Wako katika biashara,
> [Saini, jina kamili, mhuri wa duka]

Hesabu inajifunga: 554,000, jumlisha 600,000, jumlisha 1,800,000, unapata 2,954,000. Mhasibu atakayeisoma atafanya jumla hiyo kabla ya kufanya jambo lolote lingine, na ikikosekana hata shilingi elfu nne barua itarudi.

Sababu ya kuchelewa ielezwe kwa kirefu?

Sentensi mbili zinatosha. Msomaji anataka kujua mambo mawili tu, yaani kilichotokea na kama bado kinaendelea. "Nimeacha kukopesha" ina uzito kuliko aya nzima ya hali ngumu ya maisha, kwa sababu inajibu swali la pili. Ugonjwa na msiba vitajwe kama ndivyo vilivyosababisha, kwa heshima na kwa ufupi. Binafsi nilikuwa na wasiwasi na barua zenye sababu tano.

Malipo ya kwanza ya 554,000 yatoke wapi, kama ningekuwa nayo si ningelipa?

Swali la haki. Malipo ya kwanza hayatoki kwenye faida ya wiki, bali kwenye mali iliyolala: bidhaa zilizoganda rafuni unazoweza kuziuza kwa bei ya kununulia, madeni ya wateja yanayokusanyika, au kifaa usichokitumia. Mwenye duka wetu alikusanya 310,000 kutoka kwa baadhi ya mafundi, na akapata 244,000 kwa kuuza kwa bei ya kununulia vyombo vya plastiki vilivyokaa tangu mwaka uliopita. Kukopa kwa riba kubwa ili kutoa malipo ya kwanza ni kuhamisha deni kutoka kwa mtu anayekuvumilia kwenda kwa mtu asiyekuvumilia, na programu za mikopo ya simu ndizo mbaya zaidi kwa kazi hii.

Malipo hayo yanaweza kuwa madogo, ila yawe na tarehe ya karibu. Pale dawatini, barua iliyofuatwa na fedha ndani ya siku nane haikuwahi kukosa jibu.

Nikikiri deni kwa maandishi, si najifunga?

Unajifunga, na ni vizuri ujue kiasi gani. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda ya Tanzania, madai yanayotokana na mkataba yana miaka 6 ya kufunguliwa shauri. Kukiri deni kwa maandishi yenye saini yako, kabla miaka hiyo haijaisha, huanzisha hesabu ya muda upya kuanzia siku uliyosaini. Kwa deni la miezi mitatu, kama la mfano wetu, hilo halikuondolei kitu chochote, kwa kuwa muda ungalipo tele. Kwa deni la miaka mitano ambalo hujawahi kukiri popote, zungumza kwanza na wakili au kituo cha msaada wa kisheria.

Kwa sababu hiyohiyo kiri kiasi ulichokihakiki tu. Ukiandika "nakiri kudaiwa 3,050,000" ili kuwaridhisha, kisha ukadai biskuti zako, barua yako mwenyewe ndiyo itakayosimama dhidi yako. Kama duka ni la kampuni iliyosajiliwa, barua iandikwe kwa jina la kampuni na ieleze kwamba unasaini kwa niaba yake, la sivyo unaweza kujikuta umelibeba deni hilo mwenyewe.

Niombe wapunguze deni?

Si katika barua hii. Ombi la punguzo na ombi la muda likija pamoja, la kwanza hulitia doa la pili. Punguzo huzungumzwa pale unapoweza kulipa sehemu kubwa iliyobaki kwa mara moja.

Wakitaka hundi za tarehe za mbele?

Kataa kwa adabu isipokuwa una hakika na akaunti yako ya benki. Duka linaloendeshwa kwa fedha ya droo na ya simu halina sababu ya kuandika hundi thelathini, na hundi moja ikirudi hugeuza ucheleweshaji wa siku tatu kuwa jambo la kuelezea mbele ya watu wengine. Toa badala yake mdhamini anayejulikana na muuzaji, au ukubali kwamba ukikosa awamu mbili mfululizo, salio lote litadaiwa kwa pamoja. Sharti hilo la mwisho wauzaji hulipenda, na wewe halikugharimu kitu ukiwa unalipa. Usikabidhi leseni ya biashara wala kadi ya benki kama rehani.

Nikinunua mzigo kwa taslimu na kulipa awamu siku moja, watazichanganya?

Mara nyingi huzichanganya. Jumanne unamkabidhi mtu wa mauzo 260,000, ukimaanisha 200,000 za mzigo wa leo na 60,000 za deni. Ofisini zote zinaingizwa kwenye deni la zamani, na mzigo wa leo unaonekana umechukuliwa bila kulipiwa. Sheria ya Mikataba inampa mdaiwa nafasi ya kusema malipo yake yanaenda kwenye deni lipi, na asiposema, mdai huchagua mwenyewe. Kwa hiyo sema. Fanya malipo mawili tofauti hata kama unatumia simu ileile dakika ileile, omba stakabadhi mbili, na kwenye ile ya deni iandikwe "awamu ya 4 kati ya 30, deni la ankara za Januari na Februari". Ukilipa kwa simu, lipa kwenye lipa namba ya ofisi inayoonyesha jina la biashara yao. Usitume kwenye namba binafsi ya mtu wa mauzo, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Wasipojibu?

Lipa 554,000 tarehe 30 Aprili hata hivyo, na utume ujumbe mfupi wenye namba ya muamala na maneno "malipo ya kwanza kwa mujibu wa barua yangu ya tarehe 22 Aprili". Kupokea fedha hizo kimya hakumaanishi moja kwa moja kwamba wamekubali mpango wote, kwa hiyo endelea kudai jibu. Ukipeleka barua kwa mkono, hakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Wakikubali kwa mdomo, waandikie siku hiyohiyo sentensi tatu za kuthibitisha mlichokubaliana.

Wiki fulani nikishindwa?

Toa taarifa kabla ya Jumanne, si baada yake, na ulipe sehemu. Shilingi 35,000 zenye maelezo ya lini 25,000 zilizobaki zitafuata ni bora kuliko kimya. Ukiona wiki tatu zimeyumba, tatizo si wiki, ni hesabu ya mwanzo. Rudia kupima mauzo na uandike barua ya pili yenye kiwango kipya, ukitaja awamu zote zilizokwishalipwa.

Nikimaliza, nidai nini?

Omba barua fupi inayosema kwamba ankara zile tatu zimelipwa zote, salio ni sifuri, na suala la shilingi 96,000 limefungwa kwa hati ya marejesho. Iombe siku ileile ya malipo ya mwisho, tarehe 24 Novemba, wakati mhasibu bado ana jalada lako mkononi. Ombi la mali kauli mpya liwe barua nyingine.